Pesa ya Msimu Inapolipa Deni la Shemeji

Msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara huchangamka kuanzia Julai, ila pesa yake huanza kuingia mapema. Mtalii anayetaka gari na kambi karibu na Kogatende mwezi Agosti hulipa advansi miezi kadhaa kabla. Kwa kampuni ya utalii iliyoelemewa na madeni, hapo ndipo penye mtego: akaunti ya benki inanona wakati biashara yenyewe imekwisha.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye ofisi Mugumu, wilayani Serengeti. Machi 31, mhasibu anampelekea mkurugenzi mahesabu. Mali za kampuni zina thamani ya shilingi milioni 180, madeni ni milioni 300. Pengo ni milioni 120, na mhasibu anaeleza kwamba hata msimu ukiwa mzuri halitazibika. Makato ya kodi ya wafanyakazi hayajafika TRA, na kituo cha mafuta cha Sirari, wilayani Tarime, kinalipwa vipande vipande.

Mkurugenzi hafungi. Anaendelea kupokea advansi na kuchukua mafuta kwa mkopo. Julai, akaunti ikiwa na pesa, anafanya malipo mawili makubwa. La kwanza ni milioni 80 za kumaliza ovadrafti ya benki, deni alilolidhamini mwenyewe kwa hati ya nyumba yake iliyoko Tarime mjini. La pili ni milioni 40 kwa shemeji yake, aliyewahi kuikopesha kampuni. Oktoba kampuni inafilisiwa. Mali zimebaki milioni 90, madeni ni milioni 350, na pengo limefika milioni 260.

Kwa kawaida deni la kampuni ni la kampuni, wala halimgusi mkurugenzi mfukoni. Lakini kuna madai mawili ambayo mfilisi anaweza kuyafungua kuhusu miezi hiyo ya mwisho, na watu wengi huyachanganya.

Dai la kwanza ni la kuendeleza biashara baada ya matumaini kwisha. Uingereza ililiweka wazi katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, baada ya kamati iliyoongozwa na Kenneth Cork kueleza mwaka 1982 kwamba kosa la zamani la biashara ya ulaghai lilikuwa gumu mno kuthibitisha. Ulaghai unadai nia mbaya. Dai hili jipya halijali nia. Swali lake ni lini mkurugenzi alijua, au alipaswa kujua, kwamba kampuni haina njia ya kukwepa ufilisi, na tangu siku hiyo alifanya nini kuwapunguzia wadai hasara.

Kesi iliyofungua njia ilihusu kampuni ya kuingiza matunda Uingereza, Produce Marketing Consortium, iliyofilisiwa Oktoba 1987. Wakurugenzi wake wawili hawakuwa wezi. Mauzo yalikuwa yakishuka mwaka hadi mwaka, na deni kwa msambazaji wao mkuu likipanda. Mahesabu yalichelewa mno: waliyapata Januari 1987, na mkaguzi akawaonya. Hata hivyo waliendelea, wakijitetea kwamba walitaka kumalizia matunda yaliyokuwa kwenye vyumba vya baridi yasije yakaoza.

Jaji hakuanza kuhesabu Januari 1987. Alirudi hadi mwisho wa Julai 1986, kwa sababu kufikia hapo mahesabu yalipaswa kuwa tayari kisheria, na watu walioijua biashara yao kwa karibu namna ile walitakiwa kuona mauzo yameporomoka. Kuchelewesha vitabu hakukuwapa kinga. Waliamriwa kuchangia pauni 75,000 kwenye mfuko wa kampuni. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba katika kipindi hicho ovadrafti ya benki ilipungua, na mmoja wao alikuwa mdhamini wake. Wadai wengine walizidi kuumia huku mzigo wake binafsi ukipungua.

Kwa kampuni yetu ya Mugumu, kipimo cha kuanzia ni kukua kwa pengo: kutoka milioni 120 hadi milioni 260, yaani milioni 140. Pengo lisipokua, dai hukosa nguvu. Katika kesi ya Ralls Builders, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 2016, jaji alikubali kwamba wakurugenzi walichelewa kutambua hali, lakini hakuwaamuru kulipa kwa sababu haikuthibitika kwamba kuendelea kwao kuliwazidishia wadai hasara kwa jumla.

Sasa tazama zile milioni 120 zilizokwenda benki na kwa shemeji. Hazikukuza pengo hata kwa shilingi moja, maana mali na deni vilipungua sawasawa. Dai la kwanza haliwezi kuzinasa. Hapo ndipo linapoingia la pili, la malipo ya upendeleo, ambalo huuliza nani alilipwa wakati wengine wameachwa.

Mwenye kituo cha mafuta anadai milioni 50. Tukiacha gharama za mfilisi na madeni yanayotangulia kisheria, milioni 90 zikigawanywa kwa madeni ya milioni 350, anaambulia takriban milioni 12.9. Malipo yale mawili yakitenguliwa, mfuko unakuwa milioni 210, na benki na shemeji wanarudi kwenye foleni, hivyo madeni yanafika milioni 470. Mwenye kituo anapata takriban milioni 22.3. Benki nayo inarudi kuidai nyumba ya mdhamini.

Si kila malipo hutenguliwa. Katika kesi ya kampuni ya M.C. Bacon, mwaka 1990, mahakama ya Uingereza ilikataa kufuta dhamana iliyopewa benki, kwa kuwa wakurugenzi hawakuwa na hamu ya kuipendelea. Benki ingekata ovadrafti na kampuni ingesimama palepale. Anayelipa kwa kubanwa hahesabiwi kuwa amependelea. Kwa jamaa wa karibu na mkurugenzi mwenyewe, hata hivyo, sheria hiyo huanza kwa kudhani kwamba hamu ilikuwepo, na mzigo wa kukanusha huwa wao.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kampuni iliyosajiliwa Isebania iko chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, iliyofuata mkondo huo wa Uingereza: mfilisi huangalia nyuma miezi sita kwa mdai wa kawaida, na miaka miwili kwa mtu mwenye uhusiano na kampuni. Kampuni iliyosajiliwa BRELA iko chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Nayo inaruhusu malipo ya upendeleo kutenguliwa, na inaipa Mahakama Kuu, yenye kanda yake Musoma, uwezo wa kumbebesha madeni aliyeendesha kampuni kwa nia ya kuwalaghai wadai. Vipindi vya Kenya visichukuliwe kuwa ndivyo vya Tanzania. Wakili asome kifungu chenyewe.

Mkurugenzi wa Mugumu angeweza kujiokoa bila kufunga Machi 31. Advansi mpya zingewekwa kwenye akaunti ya pembeni hadi safari ifanyike. Mafuta yangenunuliwa kwa taslimu. Wadai wote wangeitwa kikao kimoja, na kila uamuzi ungeandikwa kwenye mihutasari ya bodi pamoja na sababu zake na mahesabu ya mwezi husika. Kujiuzulu peke yake kusingemsaidia, maana swali la mahakama ni alichofanya kwa ajili ya wadai alipokuwa bado na funguo za ofisi. Kwa mwenye kituo cha mafuta, hatua ya kwanza Oktoba ni kumwomba mfilisi taarifa za benki za kampuni za miaka miwili, na kuuliza wapokeaji wa Julai ni akina nani.