Siku ya matembezi Ukunda kwa mzazi mmoja na mtoto: anza na saa ya maji

Mzazi anayetoka peke yake na mtoto wa miaka saba hana mtu wa kumwachia mkoba wala wa kumwangalia mtoto akienda kununua maji. Kwa hivyo safari yake hupangwa kwa usalama kwanza, kisha nauli. Kwa wakazi wa Ukunda na vitongoji vyake, ufuo wa Diani hauna kiingilio, na kinachoamua ratiba ni kupwa na kujaa kwa maji.

Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua. Maji hupwa sana, kwa kawaida mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo hubaki wazi. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wavuvi wa eneo hilo wanaijua, hivyo ni vyema kuwauliza siku moja kabla.

Tuseme Jumamosi hiyo maji yanapwa saa nne na nusu. Mzazi atatoka Ukunda saa mbili na nusu baada ya chai, akiwa amefunga mahamri na mbaazi na kubeba maji ya kunywa. Tuktuk humfaa mtoto kuliko bodaboda. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda. Saa tatu watakuwa ufuoni, na mtoto amevaa viatu vya plastiki kwa sababu ya miiba iliyofichika kwenye mawe.

Mzazi asimame upande wa bahari, mtoto upande wa nchi kavu, na maji yasizidi magoti ya mtoto. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma ya mafungu ya mchanga, na anayetazama bahari hushtukia njia ya kurudi imezibwa. Hivyo saa nne na nusu ikifika, warudi ufuoni, hata kama mchanga mbele bado ni mkavu. Eneo la Kongo, Mto Mwachema unapoingia baharini, mtoto asiingizwe majini, kwani mkondo huvuta.

Jua likiwa kali, wahamie kivulini kando ya barabara ya Diani. Juu yake zimefungwa ngazi za kamba ambazo mbega huvukia bila kugongwa na magari. Kuwatazama ni bure, kuwalisha hairuhusiwi.

Wiki inayofuata huwa ni maji mafu: asubuhi bahari imejaa na vidimbwi havionekani. Jumamosi hiyo waelekee Gazi kwa matatu ya barabara ya Lunga Lunga. Huko kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, inayosimamiwa na kina mama wa kijiji. Ada iulizwe mlangoni kabla ya kuingia, na nauli ya kurudi iwekwe kando.