Maneno Mia Tatu Yaliyofika Mahakamani

Kitabu cha Elspeth Huxley kuhusu utoto wake Thika, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959. Ni rahisi kudhani kitabu cha zamani hivyo kimeshakuwa mali ya umma. Bado. Huxley alifariki 1997, na sheria ya Kenya hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, yaani hadi mwisho wa 2047. Kwa mwandishi aliye hai, hesabu hiyo haijaanza hata kidogo.

Tuseme kikundi cha wasomaji mjini Ruiru kinatoa kijarida cha kurasa nne kila mwezi, na mhariri wake anataka kunukuu maneno 400 ya riwaya mpya. Ataambiwa na wajuaji kwamba maneno 300 hayana shida, au asilimia kumi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haina kipimo hicho. Inachouliza ni nukuu inafanya kazi gani: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, au taarifa ya matukio ya sasa, na chanzo kitajwe.

Kwa hiyo maneno yaleyale 400 yanaweza kuwa halali au haramu. Mhariri akiyagawa vipande vinne, na baada ya kila kipande akaeleza jinsi mwandishi anavyojenga mazungumzo, huo ni uhakiki. Akiyamwaga yote ukurasa wa tatu chini ya kichwa "Kionjo cha Mwezi", amechapisha upya kazi ya mtu. Kumtaja mwandishi hakumwokoi, wala kugawa kijarida bure. Shairi ni hatari zaidi, maana beti tatu huenda ndizo shairi zima.

Marekani, ambako sheria ina ulegevu kuliko ya Kenya, jarida la Nation lilichukua maneno kama 300 kutoka kumbukumbu za Rais Gerald Ford, mswada wa maneno 200,000 ambao ulikuwa haujachapishwa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya jarida hilo. Maneno hayo yalibeba kiini cha kitabu, hasa msamaha ambao Ford alimpa Nixon, na jarida la Time, lililokuwa limekubali kulipa dola 25,000 ili litoe dondoo, lilijiondoa na kukataa kulipa nusu iliyobaki. Soko la mwenye kazi liliharibika, na ushahidi ulikuwa wa pesa taslimu.

Mhariri wa Ruiru asiyetaka kuhakiki aombe ruhusa. Aanze na ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kitabu, kwani mara nyingi anayeidhinisha ni mchapishaji. Barua itaje kurasa, maneno ya kwanza na ya mwisho ya dondoo, idadi ya nakala, na kama kijarida kitatumwa pia kwa simu. Hilo la simu husahaulika sana: ruhusa ya nakala 200 za karatasi haifiki kwenye faili inayosambazwa kwa WhatsApp.