Chanzo: Intaneti? Hapana, Jamani

Mwaka wa kwanza nilidhani kazi ya marejeo ni vitabu tu. Jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji, basi. Kumbe grafu moja inaweza kukuumbua mbele ya darasa zima.

Tulikuwa wawili, mimi wa Mbulu na mwenzangu wa Hanang, tunatafuta uhusiano kati ya mvua na mahudhurio ya wanafunzi kwenye shule za kata. Wote tulitumia data za mvua za CHIRPS. Wote tulichora Desemba 2023 kwa eneo la Katesh, mwezi ule ambao tarehe 3 maporomoko ya tope yalishuka kutoka Mlima Hanang. Nguzo zetu za Desemba hazikulingana. Msimamizi akauliza, "Nani kakosea?" Chini ya grafu zote mbili tulikuwa tumeandika neno moja: intaneti. Hatukuwa na la kujibu.

Jibu tulilipata baadaye. CHIRPS hutengenezwa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha Kalifonia, Santa Barbara. Inachanganya picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya mvua vya ardhini, kuanzia mwaka 1981. Katika toleo la 2.0, takwimu za awali hutoka siku chache tu baada ya mvua kunyesha, wakati vituo vingi bado havijaleta vipimo. Takwimu kamili hutoka kwenye wiki ya tatu ya mwezi unaofuata. Mwenzangu alipakua kabla Desemba haijaisha vizuri, kutoka folda yenye neno `prelim`. Mimi nilipakua mwezi Machi. Hakuna aliyekosea hesabu, ila hakuna aliyesema anatumia nini.

Kwa hiyo rejea ya data inabeba mambo ambayo kitabu hakihitaji: toleo, hali yake (ya awali au kamili), na tarehe uliyopakua. Ndani ya ripoti yetu sasa tumeandika hivi: Climate Hazards Center, CHIRPS toleo 2.0, takwimu kamili za mwezi, Desemba 2023, doi:10.15780/G2RP4Q, halafu tarehe ya kupakua. Hiyo DOI ni namba ya kudumu. Tovuti ikihama, namba bado inakufikisha. Na toleo usiliache, maana la 3 nalo limeshatoka.

Wengi wanataja makala tu, ile ya Funk na wenzake ya 2015 kwenye jarida la Scientific Data. Itaje, ni haki yao, inaeleza data zilivyotengenezwa. Lakini haimwambii msomaji ulichukua faili lipi. Taja vyote viwili.

Ramani yetu ya shule na barabara ilitoka OpenStreetMap. Hii inachorwa na watu wa kujitolea, na inabadilika kila siku: njia iliyopo leo huenda wiki iliyopita haikuwepo. Tarehe ya kupakua ni lazima. Leseni yake, ODbL, inataka pia shukrani ionekane, kwa hiyo maneno `© OpenStreetMap contributors` tumeyaweka kwenye kona ya ramani yenyewe. Ukiyaficha ukurasa wa mwisho, mtu akipiga picha ramani na kuirusha kwenye grupu, wachoraji wamepotea.

Imebaki programu. Tulichora kwa R, na kusoma faili za mvua kwa kifurushi kiitwacho `terra`. Hapa hakuna kubuni, programu yenyewe inakupa maneno ya kunakili:

```r
R.version.string
citation()
citation("terra")
packageVersion("terra")
```

Mstari wa kwanza unakupa toleo la R na wa mwisho toleo la kifurushi. Ya katikati yanakupa rejea zenyewe. Si lazima utaje kila kifurushi kilichomo kwenye laptopu yako. Taja kile ambacho bila hicho namba zako zisingepatikana.

Tahadhari moja. Rejea nzuri haifanyi data iwe sahihi kwa swali lako. Kila kisanduku cha CHIRPS 2.0 kina upana wa nyuzi 0.05, yaani kilomita tano na kitu kila upande. Kisanduku kinachoibeba Katesh hakiwezi kukuonyesha mvua iliyonyesha juu ya korongo moja la mlimani. Lakini ukiwa umeandika toleo, msomaji ataenda kuliona hilo mwenyewe, na anaweza kukupinga kwa haki.

Kipimo tunachotumia sasa ni rahisi. Nampa mwenzangu rejea zangu peke yake, bila faili. Akipakua na kupata nguzo ileile ya Desemba, rejea imekamilika. Akinipigia simu kuuliza "ulichukua lipi?", narudi kuandika.