Mauzo Yamepanda, Pesa Ziko Wapi?

Muuzaji wa jumla anaweza kuongeza mauzo kwa nusu, akapata faida kwa kila katoni, na bado akakosa cha kumlipa aliyemletea mzigo. Hajaibiwa. Fedha zake zimelala ghalani na kwenye madeni ya wateja.

Tuchukulie duka la jumla jijini Nairobi linalosambaza sabuni na mafuta ya kupikia kwenye supamaketi. Bidhaa hukaa ghalani siku 20, kisha supamaketi hulipa baada ya siku 60. Kiwanda nacho kinalipa duka muda wa siku 30 kabla ya kudai chake. Ishirini na sitini ni themanini. Toa thelathini, zinabaki siku 50 ambazo mwenye duka anaubeba mzigo kwa fedha zake. Ikiwa kila siku inatoka bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 200,000, anahitaji milioni 10. Hesabu hiyo hufuata bei ya kununulia, maana faida haijamtoka mfukoni.

Sasa oda zinapanda hadi 300,000 kwa siku. Mtaji unaohitajika unakuwa milioni 15. Kama duka hubakiwa na 250,000 kwa mwezi baada ya pango, mishahara na usafiri, faida hiyo itachukua miezi 20 kuziba pengo la milioni 5.

Kuna jambo baya zaidi, nalo huja kimyakimya: supamaketi zikichelewa siku 15 tu, zinahitajika milioni 4.5 nyingine. Ndiyo maana orodha ya madeni, ikipangwa kwa umri wa kila ankara, huonyesha hatari mapema kuliko daftari la mauzo.

Pesa ya bei nafuu mara nyingi iko kiwandani: kuomba siku 45 badala ya 30 kunapunguza pengo kwa milioni 4.5. Kumpunguzia mteja asilimia 2 ili alipe siku 30 mapema kunaonekana kidogo, lakini kwa mwaka ni kama riba ya asilimia 24. Ovadrafti huenda ikawa nafuu. Ovadrafti hutozwa riba kwa siku ilizotumika tu, ila benki huweza kuidai wakati wowote.

Njia nyingine ni kuipa benki ankara na kuchukua sehemu kubwa ya thamani yake papo hapo. Hapa mkataba usomwe vizuri, kwani mara nyingi mteja asipolipa, benki humrudia muuzaji. Nakumatt, iliyowahi kuwa supamaketi kubwa kuliko zote Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Wasambazaji wengi walibaki na ankara zisizolipwa. Katika duka letu la mfano, mteja mmoja anayechukua nusu ya mzigo huwa ameshika milioni 9 za mwenye duka, hata kama halipi kwa kuchelewa.