Jimu au Sebuleni? Piga Hesabu ya Siku Ulizofika

Rafiki yangu ni mhasibu. Anaishi Kimara, anafanya kazi Posta. Januari alilipia jimu ya mtaani kwao shilingi 60,000 kwa mwezi, akiamini kwamba jimu iliyo karibu na nyumbani haitamshinda. Mwezi ulipokwisha tulikaa tukahesabu siku alizoingia: nne. Kila zoezi lilikuwa limemgharimu shilingi 15,000. Angekwenda mara 12, lingekuwa shilingi 5,000 tu. Ada haikuwa kubwa, ila siku alizofika ndizo zilizokuwa chache.

Nilimuuliza siku zake zinapotelea wapi. Anatoka kazini saa 11 jioni na kushuka Kimara saa 1 usiku, njaa inamuuma na watoto wanamsubiri. Kufika jimu, kubadili nguo, kungoja mashine, kufanya zoezi la dakika 40 na kurudi kuoga kulimla saa moja na nusu. Basi jimu ya karibu na nyumbani ndiyo iliyokuwa mbali naye. Kwa mtu kama yeye, jimu inayofaa ni ya karibu na ofisi: anaingia saa 11, foleni inapungua yeye akiwa ndani, na muda ambao angeusimamia kituoni unakuwa wa zoezi. Ukikosa jimu ya namna hiyo, fikiria sebule yako kabla hujalipa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Ukishuka kituo kimoja kabla ya chako na kutembea haraka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano za kazi zimekupa 150. Kinachobaki ni misuli, na hapo ndipo penye uamuzi wenyewe.

Rafiki yangu alianza kuamka mapema, dakika 25 kabla ya kuoga, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alipakua video moja ya bure kwa mtandao wa ofisini ili bando lake lisiishe, akaishikilia hiyo hiyo. Wengi wanakosea hapa: leo video hii, kesho ile, na baada ya mwezi hawana cha kupimia. Yeye alikuwa na mambo matatu tu: skwati, pushapu na kuvuta dumu la maji. Kila moja alilifanya mizunguko mitatu na kuandika idadi kwenye daftari.

Siri ya zoezi la nyumbani ni kulifanya gumu kidogo kila linapozoeleka. Pushapu alianza kwa kuegemeza mikono ukingoni mwa meza imara. Alipofikisha 15 katika mizunguko yote mitatu, alishuka kwenye stuli, kisha sakafuni. Skwati zilipokuwa rahisi, alishuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu, halafu akakumbatia dumu la lita 10, ambalo likijaa maji lina uzito wa kilo 10 hivi. Kwa kuwa hakuna mwalimu wa kumtazama, aliegesha simu ubavuni na kujirekodi: mgongo ukipinda au visigino vikinyanyuka, alipunguza uzito.

Kasoro ya nyumbani ni mgongo. Pushapu husukuma, na hakuna kitu cha kuvuta isipokuwa ukitafute. Anainama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja kitini, na mwingine unavuta dumu hadi ubavuni. Hilo linafaa kwa miezi kadhaa, lakini dumu lina mwisho wake. Siku utakapovuta la lita 20 mara 25 bila kuhema, au daftari likaonyesha namba zile zile kwa wiki nne ingawa unalala na kula vizuri, hapo jimu ina kitu ambacho sebule haina: vyuma vya kuongeza kidogo kidogo, na jicho la mwalimu. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aanze kwa daktari, popote atakapofanyia.

Baada ya wiki nne daftari la mhasibu lilikuwa na siku 10 kati ya 12. Miezi minne baadaye dumu la lita 20 lilikuwa jepesi kwake. Hakurudi kulipa ada ya mwezi. Jimu nyingi za mitaani hupokea malipo ya siku, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi analipia siku moja, anavuta vyuma vizito, na siku nyingine zote anabaki sebuleni na dumu lake.