Damu ya kichanga na foleni ya mashine

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hapimwi kwa kipimo kile cha haraka wanachopimwa watu wazima. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kichanga huzaliwa na kingamwili za mama yake, ambazo zinaweza kukaa kwenye damu yake hadi miezi 18. Kwa hiyo inabidi kutafuta kirusi chenyewe. Mtoto akifikisha wiki 6, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto humchoma kisigino na kudondosha damu kwenye kadi nene ya karatasi yenye duara 5. Kadi huachwa ikauke kwa saa kadhaa mbali na jua, kisha hutiwa kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Damu ikishakauka vizuri hivyo, hukaa wiki nzima bila jokofu na bado kipimo kikasoma.

Sifa hiyo ya kutoharibika ndiyo inayoruhusu kadi zikusanywe na kupimwa kwa mkupuo. Plazma isingekubali, kwa sababu damu mbichi inatakiwa kutenganishwa ndani ya saa chache na kuwekwa kwenye baridi. Ila kadi kusubiri bila kuharibika si sawa na mtoto kusubiri bila kudhurika. Bila dawa, takriban nusu ya watoto wenye VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, na vifo huwa vingi zaidi katika mwezi wa pili na wa tatu wa maisha. Hapo kliniki inapomchoma kisigino, mtoto ameshaingia kwenye kipindi hicho.

Tuanze na maabara kubwa za rufaa. Mashine inayotumika sana huko hupima kwenye sahani yenye visima 96. Tuseme visima 3 ni vya kontroli, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, zinazothibitisha kwamba mashine haidanganyi. Vinabaki 93 vya wagonjwa. Kontroli hizo huliwa zote tatu, uwe umepakia sampuli 93 au 20, na mtaalamu wa maabara hutumia karibu siku nzima ya kazi kwa vyovyote vile. Ndiyo maana maabara husubiri sahani ijae, kama daladala inavyosubiri abiria kituoni. Gharama ya kila sampuli hushuka kadiri sahani inavyojaa.

Sasa tazama kusubiri kunavyokwenda. Maabara ikipokea sampuli 31 kwa siku, sahani hujaa kwa siku 3. Ikipokea 10 kwa siku, hujaa baada ya siku 9 hivi. Kadi ya kwanza imengoja siku hizo zote, ya mwisho haikungoja kabisa, na wastani ni siku 4 na nusu. Yaani pale penye wagonjwa wachache ndipo kila mmoja anaposubiri zaidi. Wakuu wa maabara wenye uzoefu hukata jambo hili kwa kanuni fupi: pima sahani ikijaa, au Jumanne na Ijumaa zikifika, lolote litakalotangulia. Sahani ya Ijumaa itakuwa na sampuli 30 badala ya 93, vitendanishi vitapotea kiasi, lakini hakuna kadi itakayozidisha siku 4.

Kanuni nzuri, ila ukifuatilia kadi moja toka zahanati hadi majibu yamfikie mama, utaona kwamba huo ulikuwa mkupuo mmoja tu kati ya minne. Zahanati nayo hukusanya kadi hadi siku ya pikipiki, tuseme mara moja kwa wiki. Majibu hurudi kwa pikipiki ileile, kwa wiki pia. Halafu mama mwenyewe huja kliniki mara moja kwa mwezi. Kila kituo humwongezea mtoto, kwa wastani, nusu ya kipindi chake: siku 3 na nusu za kwenda, 4 na nusu za maabara, 3 na nusu za kurudi, na 15 za kungoja tarehe ya kliniki. Jumla ni siku 26 na ushee, na mwenye bahati mbaya anaweza kufika 53. Majibu yakifika siku moja baada ya mama kuondoka, yatalala kwenye faili mwezi mzima.

Katika hesabu hiyo, kanuni ya Jumanne na Ijumaa inaokoa chini ya siku 3. Kumpigia mama simu siku majibu yanapofika inaokoa 15. Nashangaa jinsi mijadala mingi inavyoishia kwenye mashine, wakati muda mrefu kuliko wote uko kwenye daftari la miadi.

Mkupuo una hatari nyingine isiyoonekana kwenye wastani. Kontroli ikifeli, majibu ya sahani nzima hayatolewi. Familia 93 zinarudi nyuma pamoja. Na sahani ikigeuzwa upande wakati wa kupakia, kila kisima kitasomeka kwa jina la mtoto mwingine. Dalili yake ni kontroli kusoma mahali pasipo pake, ndiyo maana mtaalamu makini hukagua visima hivyo kabla ya kugusa vingine.

Njia ya pili ni kupima palepale. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi za wilaya wanayo kwa ajili ya makohozi ya kifua kikuu, hupokea katriji moja ya sampuli moja, na kwa kipimo cha VVU cha watoto hutoa jibu kwa takriban saa moja na nusu. Kila katriji ina kontroli yake ndani, kwa hiyo ikifeli imefeli peke yake. Utafiti uliofanyika Msumbiji na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha tofauti: penye kupima palepale, karibu watoto 9 kati ya 10 waliogundulika na VVU walianza dawa ndani ya siku 60. Penye kutuma kadi maabara, hawakufika hata 2 kati ya 10.

Hata hivyo, mashine ya moduli 4 ikifanya kazi saa 8 hutoa, ukijitahidi, majibu 20. Sampuli 93 zilizomalizwa na sahani moja kwa siku zitaichukua siku 5. Zikizidi uwezo huo kila siku, foleni hurefuka bila kikomo, na neno "palepale" hubaki kwenye bango. Kwa hiyo haifai kuijaza kila kitu. Mtu mzima anayemeza dawa vizuri na anayepimwa wingi wa virusi mara moja kwa mwaka hapotezi kitu majibu yakichukua wiki mbili. Huyo apelekwe kwenye sahani. Kichanga apewe katriji.

Tatizo ni kwamba haraka hiyo inahitaji moduli iliyo wazi mtoto anapoingia, na moduli iliyo wazi ni moduli isiyofanya kazi. Kwenye ripoti ya mwezi inasomeka kama uzembe: imetumika kwa theluthi moja tu ya muda. Mkaguzi anauliza kwa nini, mkuu wa maabara anaona aibu, moduli inapewa makohozi yaliyorundikana, na asilimia inapanda. Mama anayefika saa nne asubuhi na mtoto wa wiki 6 anakuta moduli zote nne zimeshika, anaambiwa arudi tarehe ya kliniki.