Magunia ngapi tutauza? Namna ya kukadiria kila juma

Ndugu wanamemba, tuseme koperative ya kahawa ya Kalehe ina wanunuzi watatu katika sistemu ya wateja, pale Bukavu. Wa kwanza anataka magunia 100, lakini ametumiwa sampuli tu. Wa pili anataka 50, bei imekubaliwa. Wa tatu ameweka sahihi kwenye kontra ya 40.

Tukijumlisha tu, tunapata 190, na hiyo inadanganya. Sistemu inazidisha kila hesabu kwa nafasi ya hatua yake: sampuli 30%, bei 60%, kontra 90%. Inatoka 30 + 30 + 36, ndiyo magunia 96.

Hizo asilimia zitoke katika daftari yetu wenyewe. Kama kati ya sampuli 10 tulizotuma zamani 3 zilileta mauzo, tunaandika 30%, si ile tunayotamani.

Lakini tuangalie: 96 haitatokea kamwe. Mnunuzi wa magunia 100 atachukua yote ao hatachukua kitu. Kwa hiyo tusikope feza juu ya 96. Kwa deni tutegemee kontra tu. Hesabu ya 96 inatusaidia zaidi wanunuzi wakiwa wengi.

Kila siku ya kwanza ya juma tupitie orodha. Mnunuzi asiyejibu tangu majuma mengi tumshushe hatua ao tumtoe. Tukiona makadirio yanabaki palepale na magunia hayatoki depo, ni wanunuzi wa namna hiyo wanaoyashikilia.